Slaidi iliyotoa 2 badala ya 10: uchambuzi wa hesabu moja ya titresheni

Slaidi yenyewe ilikuwa fupi. Ilizunguka kwenye simu za walimu wa kemia wakati wa marudio ya kidato cha nne, ikaonyeshwa ukutani darasani, na wanafunzi wakainakili neno kwa neno. Swali lake ni lile ambalo kila aliyepita maabara za sekondari Tanzania au Kenya amekutana nalo: umepewa fuwele za kaboneti ya sodiamu zenye maji ndani yake, Na₂CO₃·xH₂O, utafute x. Myeyusho P ni asidi hidrokloriki ya 0.1 M. Myeyusho Q umetengenezwa kwa gramu 14.3 za fuwele hizo katika lita moja. Pipeti ni ya 25 cm³ na kiashiria ni methili oranji.

Siku ile darasa lilikuwa limetoka maabara na vipimo vyake, kwa hiyo hesabu ya slaidi ilifanywa kwa namba za wanafunzi wenyewe. Raundi ya kukadiria ilitumia 25.20 cm³ za asidi. Zilizofuata zilitoka 24.60, 24.70 na 24.60. Wastani wa tatu hizo ni 24.63 cm³. Raundi ya kukadiria haiingii kwenye wastani, kwa sababu ndani yake asidi humiminwa kwa kasi ili kujua tu rangi inageuka karibu na wapi, na karibu kila mara hupitiliza.

Slaidi ikaendelea hivi:

MaVa = MbVb
0.1 × 24.63 = Mb × 25
Mb = 0.0985 M
14.3 ÷ 0.0985 = 145.2
x = (145.2 − 106) ÷ 18 = 2.18, yaani 2

Binti mmoja wa safu ya mbele aliyekuwa amemaliza kwa njia yake akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona slaidi inasema 2 na sisi tumepata 10?" Mwenzake akamjibu kabla yangu kwamba 2 inawezekana, maana magadi ya ziwani yana maji mawili. Na kweli magadi ghafi ya Ziwa Magadi ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, yenye molekuli mbili za maji. Lakini trona ni chumvi nyingine kabisa. Ina bikaboneti ndani, nayo hula asidi kwa uwiano mwingine, moli tatu za asidi kwa moli moja ya chumvi. Haiwezi kutumika kuitetea 2 iliyotokea kwenye slaidi hii. Ila kijana alikuwa ameligusa jambo linalofanya kosa hili liwe la hatari: 2 ni jibu linalofanana na ukweli.

Tuipitie hesabu upya, hatua moja baada ya nyingine, huku kila mstari ukisema ni moli za nini.

Mwanzo ni mlinganyo wa mmenyuko, na unaandikwa kabla ya kugusa namba yoyote:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Hapa ndipo ilipo ile 2 halali ya swali zima. Moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi. Maji ya fuwele hayamo kwenye mlinganyo kwa sababu hayamenyuki. Yanachanganyika tu na maji ya myeyusho. Yatarudi mwishoni kabisa, tutakapofika kwenye uzito.

Hatua ya kwanza ni asidi, kwa sababu ndiyo tunayojua vitu vyake vyote viwili, ukolezi na ujazo. Ukolezi ni 0.1 mol kwa kila lita, ujazo ni 24.63 cm³, yaani lita 0.02463. Moli za HCl ni 0.1 × 0.02463 = 0.002463. Nawataka wanafunzi waandike "moli za HCl", si "moli" peke yake, na sababu itaonekana kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya pili ni kuvuka kutoka upande wa asidi kwenda upande wa kaboneti. Daraja ni mlinganyo. Moli mbili za HCl zinamaliza moli moja ya Na₂CO₃, hivyo kaboneti iliyokuwa kwenye chupa ya koni ni nusu ya asidi iliyomiminwa: 0.002463 ÷ 2 = 0.0012315. Mwanafunzi aliyeandika "moli za HCl" juu na "moli za Na₂CO₃" chini yake anaona kwamba kati ya mistari hiyo miwili kitu kimebadilika jina, na hawezi kuishusha namba ileile bila kujiuliza. Aliyeandika "n = 0.002463" tu hana kinachomsimamisha.

Hatua ya tatu ni ukolezi wa Q. Moli 0.0012315 zilikuwa ndani ya 25 cm³ za pipeti. Lita moja ina 25 cm³ mara 40, hivyo ukolezi ni 0.0012315 × 40 = 0.04926 M.

Hatua ya nne ni uzito. Lita moja ya Q ina gramu 14.3 za fuwele, na sasa tunajua kwamba gramu hizo ni moli 0.04926. Moli moja basi ina uzito wa 14.3 ÷ 0.04926 = 290.3. Angalia kwamba gramu 14.3 ni za fuwele nzima, kaboneti pamoja na maji yake. Moli za kaboneti na moli za fuwele ni idadi ileile, maana kila fuwele yenye Na₂CO₃ moja ina x za maji, lakini uzito wake si uleule. Hapo ndipo maji yanapojitokeza.

Hatua ya tano: Na₂CO₃ peke yake ni (2 × 23) + 12 + (3 × 16) = 106. Kilichobaki, 290.3 − 106 = 184.3, ni uzito wa maji. Kila moli ya maji ni 18. Kwa hiyo x = 184.3 ÷ 18 = 10.24, na namba nzima iliyo karibu ni 10.

Ukilinganisha na slaidi, kilichopotea ni hatua ya pili. Kanuni MaVa = MbVb ni kweli pale tu asidi na besi zinapomenyuka kwa uwiano wa 1 kwa 1, kama HCl na NaOH. Kanuni kamili ambayo wanafunzi wetu hufundishwa ni MaVa ÷ MbVb = na ÷ nb, ambapo na na nb ni namba za mbele kwenye mlinganyo. Kwa kaboneti hii, na ya asidi ni 2, nb ya besi ni 1. Aliyetengeneza slaidi aliifupisha kanuni kwa mfano wa NaOH, kisha akaibeba hivyohivyo hadi kwenye kaboneti. Sioni ubaya wa kanuni hiyo kwa anayejua ilikotoka. Ila kwenye slaidi ya kufundishia ningeiacha kabisa, kwa sababu inameza hatua mbili za kwanza kwa mkupuo mmoja, na kosa linaingia palepale asipoweza kuliona mtu.

Sasa kwa nini kosa hili halipigi kelele? Jaribu kosa la pili linaloelekea kufanana nalo: mwanafunzi anakumbuka kuna 2, lakini anazidisha badala ya kugawa. Anapata moli za kaboneti 0.004926, ukolezi 0.197 M, na uzito wa moli 72.6. Akitoa 106 anapata namba hasi. Hakuna fuwele yenye maji pungufu ya sifuri, kwa hiyo hata mwanafunzi aliyechoka atajua pana tatizo na atarudi nyuma. Lakini asiyegawa wala kuzidisha anapata 2.18, namba chanya, ndogo, iliyo karibu na namba nzima. Anaikata iwe 2 na kufunga daftari. Kati ya makosa mawili ya jamii moja, moja linajifichua na jingine linavaa sura ya jibu.

Njia ya kulikamata ni kwenda kinyumenyume, na haichukui zaidi ya dakika moja. Chukua jibu, ulifanye swali, uone kama linarudisha kipimo cha bureti. Kama x ni 2, uzito wa moli ni 106 + 36 = 142. Gramu 14.3 ni moli 0.1007 kwa lita. Katika 25 cm³ kuna moli 0.002518 za kaboneti, zinazohitaji mara mbili yake ya asidi, moli 0.005035. Kwa asidi ya 0.1 M hiyo ni 50.35 cm³. Bureti ya shule inaishia 50. Asidi ingekwisha kwenye bureti kabla rangi haijageuka, ilhali darasa lilitumia nusu ya hapo. Jibu la 2 linaangushwa na glasi iliyosimama mezani.

Fanya hivyohivyo kwa 10. Uzito wa moli ni 286, ukolezi ni 0.05 M kamili, moli kwenye pipeti ni 0.00125, asidi inayotakiwa ni 25.00 cm³. Vipimo vyetu ni 24.63. Tofauti ni ndogo, ila ipo, na binti yule wa safu ya mbele hakuiacha ipite: "Sasa hiyo 0.37 imeenda wapi?"

Swali lake lilistahili muda kuliko slaidi yenyewe. Kwanza tupime uzito wa tofauti hiyo. Ukiziunganisha hatua zote kwa namba za swali hili, uzito wa moli unakuwa 7150 ÷ ujazo wa asidi. Ili x ikaribie 10 kuliko 9 au 11, uzito wa moli lazima uwe kati ya 277 na 295, na hiyo ni asidi kati ya 24.24 na 25.81 cm³. Kwa hiyo tuna nafasi ya kutosha, na tone moja la ziada, ambalo ni kama 0.05 cm³, halitahamisha jibu. Tatu zetu zimetofautiana kwa 0.10 tu. Mikono ya darasa ilikuwa mizuri. Kilichowapeleka chini ya 25.00 ni kitu kilichokuwa kilekile katika raundi zote tatu.

Hapo unaweza kuondoa washukiwa kwa kuangalia upande walikoelekea. Bureti iliyosuuzwa kwa maji na kuachwa hivyo huzimua asidi, na asidi iliyozimuka hutumika nyingi zaidi. Ingetupeleka juu ya 25. Chupa ya koni iliyosuuzwa kwa Q, kosa la kawaida sana kwa wanaoanza, huacha kaboneti ya ziada, na hiyo nayo ingetupeleka juu. Pipeti iliyobaki na maji ndani ndiyo inayotupeleka chini, kwa sababu sehemu ya zile 25 cm³ ni maji. Kupungua kwetu ni kama 1.5 kwa mia, karibu 0.4 cm³ za maji kwenye pipeti, kiasi kinachowezekana kabisa. Lakini maji hayo huoshwa na Q yenyewe kadiri pipeti inavyotumika. Kama ni hayo, athari ingekuwa kubwa kwenye raundi ya kwanza kisha ujazo ungepanda. Wetu ulikwenda 24.60, 24.70, 24.60, bila kupanda. Pipeti haina hatia, au angalau si yeye peke yake.

Wanaobaki ni asidi na fuwele. Asidi hidrokloriki hutengenezwa kwa kuzimua asidi kali ya chupani, na ukolezi wa asidi hiyo kali haujulikani kwa uhakika, kwa kuwa huvukiza gesi kila kifuniko kinapofunguliwa. Lebo ya "0.1 M" kwenye chupa ya maabara mara nyingi ni namba iliyokatwa. Kama asidi ilikuwa 0.1015 M, basi 24.63 cm³ zake zina moli 0.0025 na x inatoka 10.00. Vinginevyo fuwele zilikuwa na uchafu kidogo usiomenyuka, au waliopima walipungukiwa na sehemu ya gramu. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji titresheni nyingine: pima gramu 1.325 za Na₂CO₃ isiyo na maji, iliyokaushwa kwa joto la karibu 270 °C na kupozwa kwenye chombo kikavu kilichofungwa, itengeneze iwe 250 cm³, na hiyo itakuwa 0.05 M unayoweza kuiamini. Ukipitisha asidi ileile na kupata 24.63 tena, asidi ndiyo yenye makosa. Ukipata 25.00, rudi kwenye fuwele.

Kuna upande mwingine wa fuwele ambao walimu tunapaswa kuukumbuka kabla ya kumwambia mwanafunzi amekosea. Fuwele zenye maji kumi hazidumu hewani. Zikikaa kwenye chupa isiyofunga vizuri, hasa sehemu kavu, hutoa maji na kugeuka unga mweupe, na unga huo huelekea kwenye umbo lenye maji molekuli moja tu. Gramu 14.3 za mzigo uliokaa zina kaboneti nyingi kuliko gramu 14.3 za fuwele mpya, na asidi itatumika zaidi. Mwanafunzi anayepata 31.00 cm³ na kuhesabu vizuri anaishia na uzito wa moli 230.6 na x ya 6.9. Akiandika 7, amejibu sawasawa kuhusu kilichokuwa kwenye chupa yake. Kumtaka alazimishe 10 kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye mwongozo ni kumfundisha aache kuiamini bureti. Dalili ziko wazi kabla ya kupima: fuwele nzima zinang'aa kama kioo, zilizokauka zimepauka na kupukutika ukizigusa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niichukulie slaidi ile kwa uzito zaidi, maana kuna mazingira ambamo mstari wake wa kwanza ni sahihi. Kaboneti haimenyuki na asidi kwa pigo moja. Kwanza inageuka bikaboneti:

Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl

Kisha bikaboneti inakula moli ya pili ya asidi na kutoa CO₂. Fenolfthalini hupoteza rangi yake ya waridi pH ikishuka hadi karibu 8.3, pale hatua ya kwanza inapoisha. Methili oranji hubadilika kati ya pH 4.4 na 3.1, baada ya hatua ya pili. Kwa myeyusho wetu uleule, mwenye fenolfthalini angesimama karibu na 12.3 cm³, nusu ya 24.63. Kwake uwiano ni moja kwa moja: 0.1 × 12.3 ÷ 25 inatoa 0.0492 M, ukolezi uleule tulioupata kwa njia ya kugawa kwa 2. Na akitumia mlinganyo wa 1 kwa 2 huku akiwa na ujazo wa 12.3, atapata uzito wa moli karibu 581 na x ya 26. Kivitendo waridi hiyo hufifia polepole na ni vigumu kusema imeisha lini, ndiyo maana maabara zetu hutumia methili oranji kwa swali hili.

Kwa hiyo kiashiria ni sehemu ya hesabu, kwa sababu ndicho kinachoamua ni mlinganyo upi umefika mwisho wakati unapofunga koki ya bureti. Kwenye slaidi ya zamani jina lake lilikaa juu kwenye maelezo ya swali na halikutajwa tena. Katika ile niliyoandika upya, mstari wa kwanza ni "Methili oranji: Na₂CO₃ + 2HCl", wa pili ni "moli za HCl", wa tatu ni "moli za Na₂CO₃ = moli za HCl ÷ 2", na mstari wa chini kabisa, baada ya x = 10, unauliza: kwa x hii bureti ingesoma ngapi?